Fremu, daftari au mtaji wa ukoo: kikwazo kipi kiwatenganishe wenye maduka wawili?

Hadithi ya wenye maduka wawili washindani wanaoishia kupendana huanza vizuri karibu kila mara. Maduka yanatazamana, mmoja anapanga ndoo nje na mwenzake kesho yake anapanga nyingi zaidi, na msomaji anawapenda wote wawili kabla ukurasa wa tano haujaisha. Shida huja katikati. Mwandishi anagundua kwamba hana kinachowazuia kupendana, basi anafanya lile linalofanywa na wengi: mwanamke anamwona mwanamume kakumbatiana na msichana asiyemjua, anakasirika, hapokei simu wiki tatu. Msichana ni binamu. Msomaji alijua ni binamu tangu aliposhuka kwenye basi.

Kukitambua kikwazo cha namna hiyo si kazi. Wakalishe wahusika wako kwenye benchi moja, wape chai na dakika kumi, kila mmoja aseme ukweli wote. Wakiinuka tatizo limekwisha, hukuwa na kikwazo, ulikuwa na watu wasiosemezana. Kikwazo cha kweli hakiondoki kwa maelezo. Kilicho bora zaidi hukua kadiri wanavyoelewana, maana ukishajua jirani yako anategemea nini ili ale, kila mteja unayemnyang'anya unaondoka naye ukiwa na kitu kifuani.

Viko vikwazo vitatu vinavyopita kwenye benchi hilo na ambavyo vinatokana na duka lenyewe: fremu, mtaji wa ukoo, na daftari la madeni. Havilingani. Kila kimoja kina urefu wa hadithi kinaoumudu na mahali kinapoharibikia. Ili ulinganisho uwe wa haki, tuvijaribu vyote kwa watu walewale na mahali palepale. Mahali ni Uyole, Mbeya, pale barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapoachana na ile ya Tukuyu na Kyela. Tusekile ana miaka 36 na binti anayesoma sekondari ya bweni. Ezekia ana miaka 41, alitoka Makete akiwa kijana. Wote wawili wanauza vyakula, na msimu ukifika, mbegu na mbolea.

Kwanza, wanagombania nini hasa?

Kabla ya kuchagua kikwazo inabidi ujue ushindani wenyewe unafanyika wapi, kwa sababu waandishi wengi huwapiganisha mahali ambapo mwenye duka halisi hapigani. Chukua sukari. Tuseme mfuko wa kilo 50 wanaununua 135,000 na kuuza kilo kwa 2,900. Mfuko mzima unarudisha 145,000, yaani faida ni 10,000, na humo hujatoa kodi ya fremu, umeme wala kipande kilichomwagika wakati wa kupima. Ezekia akishusha bei kwa shilingi mia moja tu, nusu ya faida imekwenda. Akishusha mia mbili anafanya kazi ya kanisa. Kwa hiyo vita ya bei inayochukua miezi sita, mmoja akishusha na mwingine akifuata, si kweli: ndani ya wiki chache wote wawili hawana hela ya kuleta mzigo. Iache iwe ya siku nne au tano, tena kwa bidhaa moja tu, na kila mmoja ajue kabisa kwamba mwenzake anaumia.

Mbolea ina jambo lake. Hadithi yako ikiwa imewekwa baada ya 2022, serikali ilipoleta ruzuku ya mbolea, bei ya mfuko wa ruzuku hutangazwa, na mkulima hununua kwa kutumia namba yake ya usajili. Hapo mwenye duka hawezi kumzidi jirani kwa bei. Atamzidi kwa kuwa na mzigo siku mvua inapoanza, kwa kumpelekea mkulima mifuko hadi shambani, na zaidi ya yote kwa kumpa vitu vingine kwa mkopo: unga, mafuta, mbegu, dawa ya viwavi. Mikopo ndiyo uwanja wao wa kupigania. Hii ni habari njema kwa mwandishi, maana bei ni namba tu, ila mkopo ni mtu.

Kwa upande wa vitu vidogo, angalia mwaka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwezi Juni 2019, kwa hiyo Ezekia wa 2023 hawezi kumfungia mteja mchele kwenye rambo mbele ya watu. Mambo kama haya hayaibebi hadithi, lakini moja likikosewa msomaji wa Mbeya anaacha kukuamini hata kwenye mapenzi.

Fremu: inafaa hadithi fupi, na humo ndimo ibaki

Kikwazo cha fremu kiko hivi. Maduka yote mawili ni ya mwenye nyumba mmoja, mzee ambaye ameamua kuvunja ukuta wa kati na kupangisha sehemu yote kwa mtu mmoja, kodi ya mwaka mzima ikilipwa kwa mkupuo. Anayebaki anapata kona nzuri kuliko zote mtaani. Anayeondoka anaanza upya mahali ambapo wateja hawajamzoea.

Ukiwaweka kwenye benchi, hiki kinapita. Wataelewana kabisa na fremu itabaki moja. Nguvu yake ni kwamba kina tarehe. Mzee amesema mwisho wa Septemba, basi kila tukio linajibana kuelekea huko, na wewe huhitaji kuvuta muda.

Udhaifu wake ni huohuo. Tarehe ikifika, mmoja ameshinda na mwingine ameshindwa, na kinachobaki ni kusamehe. Mapenzi yanayoiva polepole hayaridhiki na siku moja ya uamuzi, yanataka kikwazo kinachorudi kila asubuhi mlango wa duka unapofunguliwa. Hadithi ya maneno elfu tano hadi nane inabebwa vizuri na fremu. Ukiivuta hadi elfu thelathini utajikuta unamrefushia mzee maneno, mara kabadili mawazo, mara kaugua, na msomaji ataona kamba.

Mahali inapoharibikia ni mwisho. Mwandishi humfanya mwanamume aiachie fremu kwa mapenzi, kimyakimya, na mwanamke agundue baadaye. Inasikika tamu, lakini ukiitazama vizuri ni kutokuelewana kulekule kumevaa suti: kama angemwambia, kusingekuwa na sura ya mwisho. Tena ni zawadi isiyobebeka. Tusekile atalipaje kona nzima ya barabara? Ukitumia fremu, yule anayeondoka aondoke kwa hesabu, kwamba kodi ya mwaka kwa mkupuo ingemkausha mtaji, na mwenzake aijue hesabu hiyo. Halafu mzee naye apewe sababu ya kawaida ya kuhitaji fedha, kama ada ya mtoto chuoni. Mwenye nyumba mbaya asiye na sababu hupunguza uzito wa watu wote waliomzunguka.

Mtaji wa ukoo: una kina, ila unataka nafasi

Kikwazo cha pili kinakuja kwa kuuliza swali ambalo hadithi nyingi hazilijibu: duka ni la nani? Maduka mengi ya Nyanda za Juu Kusini yameanzishwa kwa mtaji wa ndugu. Kijana huletwa mjini akae dukani kwa kaka au mjomba, afanye kazi miaka kadhaa, halafu siku moja afunguliwe la kwake kwa fedha ya yule aliyemlea kibiashara. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kuna deni la heshima ambalo halina tarehe ya kumalizika.

Hivyo Ezekia akisimama nyuma ya kaunta hasimami peke yake. Nyuma yake yupo kaka aliyetoa mtaji, yupo mtoto wa kaka anayesubiri zamu yake ya kufunguliwa duka, na ipo hesabu ya kwamba duka hili lizae lile. Akimwoa Tusekile, ambaye kila asubuhi anakula wateja wa duka hilo, kaka ana haki ya kuuliza fedha zake zinaelekea upande gani wa barabara. Si chuki. Ni swali ambalo hata wewe ungeuliza.

Kikwazo hiki kina kina kuliko fremu na hakiishi kwa siku moja. Lakini kinataka watu. Kaka lazima awe mtu kamili mwenye sauti yake, na mtoto wa kaka, na mama wa Tusekile, na kila mmoja anataka matukio mawili matatu ya kwake. Chini ya maneno elfu arobaini watabanana. Utaijua hali hiyo ukiona kaka anatokea mara moja tu, kwenye simu, akisema hapana.

Hatari kubwa zaidi ni kuteleza kuingia kwenye ukabila. Ni rahisi mno kuandika kwamba Wakinga hawataki Mnyakyusa au kinyume chake, kisha ukajiona umepata kikwazo. Uyole ni njia panda; watu wameoana pale miaka na miaka, na msomaji wa huko atakukatalia. Kabila linaweza kuingia kama rangi ya mazungumzo. Ezekia asalimie kwa “Kamwene” akiwa na watu wa kwao, na ajifunze kumwambia mama yake Tusekile “ndaga” badala ya asante. Ila kinachomzuia kiwe mali na wajibu, vitu vyenye kiasi.

Daftari: kikwazo kinachoiva na mazao

Kwa hadithi ya ukubwa wa kati, maneno elfu kumi na tano hadi thelathini, daftari la madeni linazishinda zile mbili, na sababu kuu ni kwamba linakuja na kalenda yake.

Mbeya ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Novemba na Desemba mkulima anahitaji mbegu na mbolea ya kupandia, na mfukoni hana kitu, maana ya mwaka jana imekwisha kwenye ada na sikukuu. Januari na Februari anahitaji mbolea ya kukuzia, tena ndio miezi ya njaa, unga unanunuliwa. Machi na Aprili duka linapoa, hakuna anayelipa wala anayenunua sana. Kuanzia Juni hadi Agosti, katika baridi kali, mahindi yanavunwa na madeni yanadaiwa. Hapo Septemba na Oktoba mwenye duka anajua kama mwaka ulikuwa wake au la.

Ukiiangalia kalenda hiyo kwa jicho la mwandishi wa mapenzi, utaona imeshakupangia mwendo. Msimu wa shughuli nyingi wanashindana na hawana muda wa kutazamana. Machi na Aprili maduka hayana wateja na mvua inanyesha, nao wamebaki kila mmoja mlangoni kwake na jiko la mkaa: ndipo mazungumzo marefu ya kwanza yanapowezekana bila kulazimishwa. Kisha Juni inafika, wakati wameshazoeana, na ndipo kila mmoja anatakiwa akadai fedha kwa watu walewale ambao mwenzake anawadai. Ukaribu umekuja kabla ya mgongano, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Waandishi wengi huanza na ugomvi mkali ulainike polepole. Jaribu kuanza na ushindani wa kawaida, uweke mazoea, ndipo uwakutanishe na gharama yake.

Tuupime mgongano wenyewe kwa mteja mmoja. Huko upande wa Inyala kuna mkulima, tumwite Baba Subi. Desemba alichukua kwa Ezekia mbegu, dawa na mifuko ya mbolea, jumla 280,000. Januari hadi Machi alichukua kwa Tusekile unga, sukari, mafuta na sabuni, kidogo kidogo, hadi 180,000. Jumla anadaiwa 460,000. Julai amevuna, na akishatoa mahindi ya chakula cha nyumbani atakayouza yatampa 300,000. Hiyo ndiyo hesabu pekee ambayo msomaji anatakiwa kuikumbuka katika hadithi nzima: madeni 460, fedha 300. Usimwongezee nyingine. Wakulima wengine wawepo kwa majina na maneno, lakini namba ziwe za huyu mmoja.

Anayefika kwanza siku mahindi yanapopukuchuliwa ndiye anayelipwa, maana mnunuzi analipa palepale na fedha taslimu haikai kwa mtu anayedaiwa. Kila mwenye duka anajua hilo. Sasa weka mambo mawili ambayo wameambiana kwa hiari, wakati wa mvua ya Aprili. Tusekile anajua kwamba marejesho ya mkopo wa benki wa Ezekia yanakatwa tarehe 25. Ezekia anajua kwamba binti wa Tusekile anafungua shule Julai na hakubaliwi bila kumalizia ada. Hakuna siri. Hakuna simu iliyosomwa vibaya. Jumatatu jioni mteja mmoja anamwambia Tusekile kwamba mashine ya kupukuchulia inafika kwa Baba Subi kesho asubuhi.

Aende au asiende? Akienda anachukua fedha ya marejesho ya mtu anayempenda. Asipoenda binti anabaki nyumbani. Mwandishi mwenye haraka atamfanya abaki, kwa ajili ya mapenzi, na hapo atakuwa amemwua Tusekile kama mfanyabiashara na kama mama. Aende. Apande bodaboda saa kumi na mbili, amejifunga khanga mbili kwa baridi, na anapofika aikute pikipiki ya Ezekia imeegeshwa pembeni ya rundo la magunzi. Naye aliambiwa.

“Umeamka mapema, jirani.”

“Nawe hujalala.”

Baba Subi anawatazama wote wawili, anawaletea viti. Wanakaa. Wanasubiri gunia hadi gunia, kelele za mashine zikiwasitiri wasiseme. Fedha inapotoka, Ezekia anachukua 180,000 na Tusekile 120,000, maana ndivyo mgawanyo unavyokuja ukifuata ukubwa wa madeni, karibu sana. Hakuna aliyemhurumia mwenzake kwa shilingi moja. Ezekia anapungukiwa marejesho. Binti anachelewa shule siku tisa. Wanarudi Uyole kila mmoja na chombo chake, na kwa wiki mbili hawaongei zaidi ya salamu.

Wiki hizo mbili za ukimya ndizo zinazoitofautisha kazi hii na ile ya binamu. Kwa nje zinafanana, watu wawili hawasemezani. Lakini hapa kila mmoja anajua sawasawa kwa nini mwenzake hasemi, na hana la kumtuhumu. Hasira ingekuwa nafuu kuliko hali hiyo. Msomaji hatasubiri siri ifichuke. Atasubiri nani atavuka barabara kwanza, na akivuka atasema nini, kwa sababu “samahani” haifai. Hakuna aliyekosa.

Daftari nalo lina mahali linapoharibikia. La kwanza ni hesabu kuzidi. Ukijikuta umeandika namba tatu kwenye aya moja ya mapenzi, futa mbili. La pili ni kumgeuza mkulima kuwa mjanja au mlevi ili lawama imwangukie. Baba Subi alipanda, akapalilia, mavuno yakawa haba. Akiwa mtu mwema, mgongano unakuwa mchungu zaidi, na wanakuwa watatu wanaostahili kuhurumiwa badala ya mmoja.

Umbea utumike, lakini uwapige wateja

Katika mtaa wa maduka umbea haukwepeki, na kuukataa kabisa kungeifanya hadithi iwe ya mji usiokuwepo. Kanuni ni moja: wapendanao wasiuamini. Uaminiwe na wateja.

Baada ya kuonekana wakinywa chai pamoja, maneno yanaanza kwamba wale wawili wameungana ili wapandishe bei. Hilo lina gharama halisi. Mama anayenunua kilo mbili za sukari anaanza kwenda duka la tatu, kule kwenye barabara ya Tukuyu. Tena umbea huu una chembe ya ukweli, na ndiyo sababu una nguvu: ni kweli tangu wazoeane hakuna aliyeshusha bei. Hawakukubaliana. Kila mmoja tu hakutaka kuwa wa kwanza kumwumiza mwenzake. Sasa mapenzi yenyewe yamekuwa hasara ya duka, na wakitaka kuwarudisha wateja wanapaswa kushindana tena, waziwazi, kwa makusudi, huku wakipendana. Kikwazo cha fremu hakiwezi kukupa mgeuko kama huu, na kile cha ukoo kinaupata kwa kazi kubwa.

Kinachopokezanwa

Kwa mapenzi yanayokwenda polepole msomaji anahitaji kuona yanasogea ingawa hakuna anayesema. Njia ya uhakika kwa wenye maduka ni vitu wanavyoazimana, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kumdhuru aliyekitoa zaidi ya kilichotangulia. Mwanzo ni chenji. Kila mwenye duka huomba chenji kwa jirani, hata kwa mshindani, na hakuna hatari yoyote. Baadaye ni mteja: “Hiyo sina, subiri nikuletee kwa jirani,” ambapo faida inagawanywa au inaachwa. Kisha floti ya wakala, mmoja akimrushia mwenzake laki mbili asubuhi zirudi jioni. Kisha ufunguo, siku ya msiba, mmoja akiangalia maduka mawili. Mwisho kabisa ni daftari lenyewe. Mwenye duka anaweza kukuonyesha nyumbani kwake, akakuonyesha hata alama ya upasuaji, lakini orodha ya wanaomdai na anaowadai haonyeshi mtu. Tusekile akimgeuzia Ezekia daftari kwenye kaunta na kusema “soma,” huhitaji tukio la kitandani.

Fanya vivyo hivyo kwa majina. Mwanzoni ni “jirani,” neno linaloweza kubeba dhihaka na heshima kwa pamoja. Mbele ya wateja Tusekile ni Mama Neema, kwa jina la bintiye, na Ezekia ni Bosi au Kaka Ezekia. Kwa watu wa rika lao, mtaani, kumwita mwanamke mtu mzima kwa jina lake tupu si jambo dogo. Ukilitunza hadi nusu ya hadithi, siku Ezekia atakaposema “Tusekile” bila dada wala mama mbele yake, msomaji atalisikia. Usilitumie kabla ya hapo hata kwenye mawazo yake.

Kwa kiasi: katika maneno elfu ishirini, mikutano kumi na minne inatosha, na tisa kati ya hiyo iwe ya biashara tupu. Kukiri kuje baada ya siku ya mashine, wala si kabla. Ukimkirisha mtu Aprili, wakati wa mvua na jiko la mkaa, Julai itakuwa ugomvi wa wapenzi tu. Asipokuwa amekiri, Julai ni mtihani ambao hakuna aliyeuhitimu.

Mwisho: kuunganisha maduka au la?

Kuvunja ukuta na kuandika majina mawili juu ya mlango mmoja ni kishawishi kikubwa. Katika kikwazo cha fremu kinaweza kufaa, kwa kuwa ukuta ulishavunjwa tayari. Katika cha ukoo hakifai kabisa, maana kaka wa Ezekia angekuwa sahihi tangu mwanzo. Katika cha daftari kinaua kile ulichokijenga: wateja waliosema wameungana wanathibitishiwa, leseni na madeni ya mkopo yanachanganywa, na marejesho ya mmoja yanakuwa mzigo wa mwenzake kabla ndoa haijazoeleka.

Waoane na maduka yabaki mawili, yakitazamana. Tukio la mwisho liwe Novemba, mvua ya kwanza imenyesha, Baba Subi amesimama katikati ya barabara hajui aanzie wapi kukopa, kwani bado anadaiwa na wote wawili, jumla 160,000. Kila mmoja anamwita kutoka mlangoni kwake.